Gramafoni, redio na kamera za marehemu: bei yake hupimwa vipi

Juma hili naweka siasa kando. Nataka kuwasimulia juu ya meza moja huko Mtongwe, Likoni, na vitu vitatu vilivyowekwa juu yake, kwa sababu najua nyumba nyingi hapa bara, kuanzia Changamwe hadi Kisauni, zina vitu kama hivyo juu ya kabati au chini ya kitanda.

Mzee wa nyumba ile alifariki, Mungu amrehemu. Watoto walipokaa kugawa mirathi, nyumba na shamba vilipata watu wa kuvitathmini. Vilibaki vitu vitatu ambavyo hapakuwa na wa kuvisemea: gramafoni ya mkoba, redio kubwa ya valvu, na kamera. Alikuja mnunuzi wa vitu vikuukuu, akaviangalia dakika tano, akasema atatoa shilingi 6,000 kwa vyote pamoja na "zile sahani za santuri, nizibebe tu." Kaka mkubwa akataka kukubali. Dada yao wa mwisho, mjane mwenye watoto wawili, akaona hajaridhika. Akanipigia simu, maana anajua kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya na kutengeneza vitu vya namna hii.

Tuna msemo kwamba ya kale ni dhahabu. Kwa mkusanyaji si kila ya kale ni dhahabu. Yeye huuliza maswali matatu: je, kinafanya kazi? Je, ni chenyewe, au kimebadilishwa? Je, viko vingapi vilivyobaki, na wangapi wanavitafuta? Meza ile ya Mtongwe ilikuwa na kitu kimoja kwa kila swali, kwa hivyo nitakwenda navyo kimoja kimoja.

Nilianza na kamera, kwa sababu kwake swali la kwanza ndilo zito. Ilikuwa Yashica-Mat 124 G, ile ya lenzi mbili, moja juu ya nyingine, unayoitazama kwa kuinamisha kichwa. Aina hii ilitengenezwa Japani kuanzia 1970 hadi 1986, kwa wingi. Si adimu. Anayeinunua leo anataka kupiga nayo picha, maana filamu yake ya 120 bado inatengenezwa. Kwa hivyo bei yake hutegemea sana kama inapiga au haipigi.

Kuijaribu hakuhitaji filamu. Fungua mgongo, zungusha kile kimkono cha pembeni mpaka kinapokomea, weka mwendo kwenye 1/500, bonyeza. Utasikia kishindo kifupi. Halafu rudi chini polepole mpaka sekunde moja nzima. Hapo ndipo kamera nyingi za pwani huumbuka: mafuta ya ndani yamekauka yakawa gundi, shata inafunguka na haifungi, au inachukua sekunde tatu. Ikiwa miendo ya haraka ni mizuri na ya polepole inakwama, ni ugonjwa wa kusafishwa, si kifo. Ya mzee ilikuwa hivyo hivyo, ilikwama kwenye sekunde moja na nusu sekunde tu.

Jaribio la pili ni la tochi. Mulika kupitia lenzi kutoka nyuma, utazame kwa mbele. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Hewa yetu ya bahari ndiyo chakula chake, na mfuko wa ngozi uliokuja na kamera ndio nyumba yake, kwa kuwa ngozi hushika unyevu mwaka mzima. Watu huuhifadhi mfuko kwa heshima, kumbe ndio unaoua lenzi. Weka kamera nje ya mfuko, mahali pa kupita hewa, na mfuko uuze pamoja nayo ukiwa mbali.

Hapa kuna jambo ambalo mnunuzi yule alilijua, na familia haikulijua. Kuvu niliiona kweli, lakini ilikuwa kwenye lenzi ya juu. Lenzi ya juu ni ya kutazamia tu. Picha hupigwa na ya chini. Kuvu ya juu hupunguza bei kidogo, ya chini huikata nusu au zaidi. Mnunuzi aliwaonyesha ile ya juu akasema "imeharibika." Kipima mwanga nacho kilikuwa kimekufa, lakini hilo halishangazi: kilitumia betri ya zebaki ambayo siku hizi haiuzwi, na wapiga picha wengi hutumia simu kupima mwanga. Niliiweka kwenye shilingi 14,000 kwa hali yake ile, kabla ya kusafishwa.

Nikageukia redio, na hapo ni lazima nikiri kosa langu mwenyewe. Kitambo nilikuwa na redio ya Philips ya bakelaiti, yenye kioo cha majina ya miji: London, Paris, Bombay. Ilikuwa bubu. Nikampelekea fundi mmoja, akaniambia, "Hii haifufuki, lakini naweza kukutilia FM, bluetooth na mahali pa USB." Nikakubali. Aling'oa valvu zote na chasi nzima, akatupa, akabandika kibao kidogo cha elektroniki na spika ya gari. Ikaimba vizuri sana. Miezi michache baadaye alikuja mtu kutoka Nairobi anayekusanya, akaigeuza, akatazama nyuma, akairudisha mezani pole pole kama mtu anayemlaza maiti. Aliniambia angenipa 18,000 ikiwa bubu. Ikiwa inaimba vile, alinipa 2,500, na hiyo ni ya ganda tu.

Hili ndilo watu hulipata kwa tabu: kufanya kazi kuna thamani pale tu ambapo kitu kinafanya kazi kwa viungo vyake. Redio bubu iliyo kamili inaweza kufufuliwa na anayejua. Redio inayoimba kwa matumbo ya kigeni haiwezi kurudishwa, kwa kuwa chasi yake ilishauzwa kwa kilo za chuma.

Kwa hivyo redio ya Mtongwe, nayo Philips ya valvu lakini ya sanduku la mbao, niliikagua kwanza bila kuigusa umeme. Niliangalia kioo cha vituo, maana kikivunjika hakuna duka la kukinunua. Niliangalia vifundo, vyote vinne vinafanana na vimechakaa sawasawa. Kimoja kikiwa kipya kuliko wenzake, kimebadilishwa. Niliangalia kitambaa cha mbele ya spika, na ubao wa nyuma wenye maandishi ya kampuni. Ubao huo ndio unaopotea kwanza, kwa kuwa kila fundi huufungua na wengine hawaurudishi. Huu ulikuwepo, ingawa mchwa walikuwa wameonja pembe moja. Rangi ya mbao ilikuwa imefifia. Kaka mkubwa alisema atapiga vanishi mpya. Nikamwomba kwa jina la Mungu asithubutu. Vumbi lifutwe kwa brashi laini na kitambaa kikavu, basi. Vanishi mpya hufuta miaka sitini kwa siku moja, na mkusanyaji huilipia kwa kuipunguza bei.

Halafu ndipo tukafikiria umeme. Nawaonya: redio ya valvu iliyolala miaka msiichomeke moja kwa moja kwenye soketi kuona kama inaimba. Ndani mna kapasita za karatasi na nta ambazo kwa unyevu wetu zimekwisha kuvuja, na ukizipa volti 240 ghafla huchoma transfoma, ambayo ndiyo kiungo ghali kuliko vyote. Mafundi wa zamani hutumia njia ya balbu: waya mmoja wa umeme hupitishwa kwenye balbu ya kizamani ya wati 60, ile ya uzi wa ndani, kabla ya kufika kwenye redio. Ukiwasha, balbu ikiwaka sana ikabaki hivyo, ndani kuna shoti, zima. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, transfoma ni salama na kazi inaweza kuendelea. Na hilo lifanywe na fundi, kwa sababu ndani ya redio hizi mna volti zaidi ya 200 ambazo hubaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa waya, na baadhi ya aina chuma chake chote hubeba umeme.

Fundi tuliyempata Changamwe alifanya jaribio hilo, balbu ikafifia. Akabadilisha kapasita tano tu, na za zamani akanitilia kwenye bahasha. Hiyo bahasha ina maana. Mkusanyaji hakatai kapasita mpya, kwani anajua za zamani haziishi. Anachotaka ni kuona kilichotolewa, na kwamba hakuna kilichokatwa. Wengine huenda mbali zaidi, wakaingiza kapasita mpya ndani ya ganda la ile ya zamani ili chini ya chasi pabaki kama palivyotoka kiwandani.

Redio ilipowaka, watoto walisikitika: ilikuwa ikitoa mvumo tu. Wakadhani tumeshindwa. Niliwaeleza kwamba redio hii ni ya mawimbi ya kati na mafupi, haina FM, na vituo karibu vyote tunavyovisikia Mombasa leo viko FM. Tulingoja usiku, tukazima taa za LED na chaja za simu zinazotia kelele, tukafunga waya wa mita kumi kama aeriali kutoka dirishani hadi mwembeni. Saa tatu za usiku ikaanza kushika Kiarabu, kisha lugha nyingine za mbali. Redio nyingi nzima zimeuzwa kama mbovu kwa sababu tu ya mwenyewe kuijaribu mchana akitafuta FM. Niliiweka kwenye 16,000.

Kitu cha tatu kilikuwa gramafoni, na hapa swali la uadimu ndilo lililoleta mabishano. Ilikuwa ya mkoba, nyeusi, HMV 102, yenye picha ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake. Mjukuu mmoja alikuwa ameona mtandaoni inauzwa kwa laki na nusu. Mama yake akaanza kulia kwamba wanadhulumiwa.

Nilimfundisha mjukuu jambo moja. Bei anayoomba muuzaji ni ndoto yake. Bei iliyolipwa ndiyo bei. Kwenye eBay kuna kichujio kinachoitwa Sold items, ukikibonyeza unaona zilizouzwa kweli. Tulipofanya hivyo, laki na nusu ikayeyuka. Kule Uingereza HMV 102 nyeusi inayoimba huuzwa kwa pauni mia na kitu. Ni kwa sababu iliuzwa kwa wingi mno: ilianza 1931 ikaendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1950, na ilipelekwa kila bandari ya dunia. Zile za rangi, nyekundu, buluu au kijani, zilitengenezwa chache, nazo hupanda bei. Nyeusi ni ya kila mtu.

Tukapiga hesabu. Pauni 120, tukichukua shilingi 170 kwa pauni, ni shilingi 20,400. Lakini hiyo ni bei ya kule. Chombo hiki ni kizito, cha kilo kadhaa, na kukituma kwa ndege kwa usalama kunaweza kula bei yote. Kwa hivyo bei yetu ni ile anayotoa mtu aliye hapa, atakayekuja kukichukua kwa mkono.

Hata hiyo hutegemea hali. Kuna jaribio rahisi la springi ambalo yeyote anaweza kulifanya. Bandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani ya kuzungukia, vuta springi hadi mwisho bila kulazimisha, weka santuri na sindano, kisha hesabu karatasi inapita mara ngapi kwa dakika moja. Inatakiwa 78 au karibu yake. Halafu iache imalize upande mmoja wa sahani ya inchi 10, dakika tatu hivi. Ikizubaa katikati, springi imechoka au grisi yake imeganda. Ukisikia kishindo ndani inapozunguka, ni grisi kavu, inasafishika. Ya mzee ilizunguka mara 77, ikamaliza upande. Ila sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama mtu mwenye mafua. Hiyo ni mipira midogo iliyo ndani ya kile kichwa cha sauti kinachoshika sindano; imekauka ikawa kama mawe. Hubadilishwa. Cha kuogopa ni chuma cha kichwa chenyewe, ambacho katika aina hizi huvimba na kupasuka kwa uzee, na kikipasuka hakuna gundi. Hiki kilikuwa kizima, na nambari yake, 5B, ni ile iliyotoka na chombo. Niliiweka kwenye 10,000.

Kuhusu uadimu niliwaeleza hivi. Wingi wa vilivyotengenezwa hautoshi kukuambia, tazama vilivyobaki. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ilitengeneza redio ya betri kwa ajili ya wasikilizaji Waafrika wa kituo cha Lusaka, Rhodesia ya Kaskazini. Ilikuwa ya mviringo, ya buluu, ikiwa na umbo la sufuria, nao wakaiita hivyo. Iliuzwa pauni 5, bei iliyokusudiwa mtu wa kawaida. Kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu, watu waliitumia mpaka ikafa, wakaitupa. Leo inatafutwa na majumba ya makumbusho. Redio za mabwana zilifunikwa kitambaa zikabaki nyingi. Lakini uadimu bila mtafutaji nao ni bure: nina kaseti ya mawaidha ya harusi ya ami yangu, iko moja duniani, na hakuna atakayeinunua.

Na penye uadimu, feki hufuata. Zile gramafoni za tarumbeta kubwa ya shaba inayong'aa, sanduku lake jipya lenye nakshi, zinazowekwa madukani kwa watalii na kule Dubai, nyingi huundwa India kwa mashine zilizotolewa ndani ya gramafoni za mkoba kama hii ya Mtongwe, kisha zikabandikwa picha ya mbwa. Ukiona shaba ya tarumbeta haina mkwaruzo hata mmoja na sanduku linanukia vanishi, jua kuna HMV ya mkoba imechinjwa. Kwa kamera ni vile vile: kuna Leica nyingi zenye alama za jeshi la Wajerumani ambazo asili yake ni kamera za Kisovieti, FED au Zorki, zilizochorwa upya.

Sasa tukafika kwenye zile sahani ambazo mnunuzi alitaka "azibebe tu." Zilikuwa kumi na moja kwenye kasha la biskuti. Nne zimepasuka. Tatu ni za Kihindi na za Kizungu, za kawaida. Mbili ni zile nzito za mwendo wa 78, taarab ya Kiswahili yenye lebo ya HMV. Mbili ni ndogo za plastiki za mwendo wa 45, za Mzuri, lebo ya Assanand, wale waliokuwa na duka la muziki hapa Mombasa. Hapo nikaelewa mnunuzi alikuja kwa ajili ya nini. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kurekodi kwa HMV, na tangu hapo sahani za lugha yetu ziliuzwa pwani nzima. Lakini zilichezwa kwa sindano za chuma mpaka zikawa kijivu, zilivunjika, zilikaliwa na watoto. Gramafoni zimebaki maelfu. Sahani safi ya taarab ya miaka ile ni ya kutafutwa kwa taa. Wa kuinunua yupo Nairobi, yupo Ulaya, na sahani haisumbui kusafirisha.

Niliwaomba wasizicheze kabla ya kuuza, na hasa zile za 45 wasiziweke kamwe juu ya gramafoni. Sindano ya chuma huchana plastiki kwa mchezo mmoja. Ziwekwe wima, kila moja na karatasi yake, mbali na dirisha. Moja ya zile za taarab ilikuwa bado inang'aa, mifereji myeusi. Niliipa 12,000 peke yake. Ya pili, iliyokwisha kuwa kijivu, 2,000. Na zile za Mzuri 3,000 kila moja.

Jumla ya meza: kamera 14,000, redio 16,000, gramafoni 10,000, sahani nne 20,000. Shilingi 60,000 kwa vitu vilivyotajiwa 6,000. Gharama ya fundi ya 3,500 ilitolewa kwanza, ikabaki 56,500 ya kugawa kwa hesabu ya mirathi.

Kamera ilinunuliwa na kijana wa Bombolulu anayepiga picha za harusi kwa filamu. Alilipa 13,000, nasi hatukubishana. Kaka mkubwa alichukua gramafoni, ikakatwa kwenye fungu lake. Redio alibaki nayo mjane, kwa hiari yake, katika fungu lake, kwa sababu alikuwa akilala akiisikia utotoni. Sahani zote nne ziko kwa dada wa pili, wima ndani ya kasha, na wanunuzi wawili wameshapiga simu. Mmoja wao ni yule yule wa 6,000. Safari hii ametaja 9,000 kwa ile inayong'aa peke yake. Nimemwambia dada yule asiharakishe.